Kutoka "wezi nyie" mpaka kwenye muhtasari: nilivyoandika upya lalamiko langu la taka kabla ya mkutano wa mtaa

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae saa hizi ana karatasi mkononi au meseji ndefu kwenye simu imejaa hasira, na mkutano wa mtaa ni wiki ijayo. Mimi nilishapita hapo, mara ya kwanza nikaharibu kabisa na mara ya pili mambo yakaenda, na tofauti ya mara hizo mbili iko zaidi kwenye maneno kuliko watu wanavyodhani.

Nakaa Dar, uswahilini, miaka 11 sasa. Nina genge kwenye kona ya chochoro letu, nauza nyanya, vitunguu, mboga za majani. Kwetu taka zinabebwa na kontrakta aliepewa kazi na manispaa, gari linatakiwa kupita kila Jumanne na kila kaya inalipa 5,000 kwa mwezi. Kuanzia mwezi wa tatu, masika yameanza, gari likawa halionekani. Viroba vikaanza kurundikana pale kwenye nguzo ya umeme, mbwa wanachana, mvua inanyesha juu yake, maji yenye rangi ya chai yanatiririka mpaka uani. Nzi wakahamia kwenye genge langu. Nafunika nyanya na neti lakini mteja akifika anaangalia jalala kwanza halafu ndio anaangalia nyanya, wengi wakawa wanapitiliza. Na yule kijana wa kukusanya ada mwisho wa mwezi anakuja vizuri tu na mashine yake ya risiti, hakosi.

Mwezi wa nne mwanangu wa miaka mitatu akaharisha, usiku saa saba nikambeba kwenda hospitali, akalazwa siku mbili. Narudi nyumbani nakuta lile jalala limeongezeka. Hapo ndio nikaandika.

Niliandika kurasa nne za daftari la shule. Nitaweka kipande tu, kama kilivyokuwa: "Nyie viongozi ni wezi na wauaji mnakula hela zetu na kontrakta wenu huku watoto wetu wanakufa, hamna utu wala haya, mwenyekiti unajulikana unapewa chako kila mwezi, tumewachoka na siku zenu zinahesabika." Nikaipiga picha nikaituma kwenye grupu la Watsapu la mtaa usiku huo huo. Watu wakaweka alama za makofi, mmoja akaandika "umesema yote mama." Nikalala nimeridhika.

Wiki ile ile kukawa na mkutano. Nikasimama na daftari langu, sikumaliza hata ukurasa wa kwanza. Nilipofika kwenye "unapewa chako" mwenyekiti akanikatisha, akaniuliza mbele ya watu wote, "Una ushahidi?" Sina. Watu wawili upande wake wakaanza kunizomea, upande wangu nao wakajibu, ikawa kelele mpaka mkutano ukafungwa. Yani dakika zote zile zilizotakiwa kuongelea gari la taka ziliisha tunaongelea kama mimi nimemvunjia mwenyekiti heshima. Siku ya pili jirani mmoja anaefanya kazi za kisheria akanishauri niifute ile picha, akanieleza kwamba kumtuhumu mtu wizi kwa maandishi bila ushahidi anaweza kukushitaki, na kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayogusa kusambaza taarifa za uongo. Nikafuta, ila roho iliuma sana, maana nilijiona mie niliedhulumiwa ndio naonekana mkosaji.

Lakini kilichonifungua macho hasa kilikuja mkutano uliofuata. Kama mtu hajui, mkutano wa mtaa una utaratibu wake: unafunguliwa, mtendaji anasoma muhtasari wa mkutano uliopita, wanaingia kwenye yatokanayo, yani yale yaliyotoka kwenye muhtasari yamefikia wapi, halafu taarifa ya mapato na matumizi, taarifa nyingine, na mwisho kabisa mengineyo. Mtendaji akasoma muhtasari. Nikatega sikio nisikie maneno yangu. Kilichosomwa ni hiki: "Wananchi walihimizwa kudumisha usafi wa mazingira." Basi. Mtoto aliolazwa, hela zilizolipwa, gari lisilokuja, vyote vimegeuka eti sisi ndio tumehimizwa tuwe wasafi. Na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa kuhusu gari, kwenye yatokanayo hakukuwa na cha kujibu.

Nilienda kulia kwa mwalimu mmoja mstaafu mtaani kwetu, mzee wa watu, tunamheshimu. Akanisikiliza halafu akaniambia, "Mwanangu, mtendaji hakuwa na cha kuandika. Wewe umempa matusi, na matusi hayaandikwi kwenye muhtasari. Mpe kitu ambacho asipokiandika ataonekana ameficha." Hilo neno nililibeba.

Akaniambia nilete daftari na kalamu tatu za rangi tofauti. Kila sentensi kwenye zile kurasa nne nikaipigia mstari: bluu kama nimeiona kwa macho yangu au nina karatasi yake, kijani kama nimeisikia kwa mtu, nyekundu kama nawaza tu au ni hasira. Tukamaliza daftari lote lilikuwa jekundu. Bluu zilikuwa sentensi tano. Kiukweli niliona aibu, na pia nilikasirika upya, nikamwambia mwalimu kwahiyo unataka kusema hakuna tatizo? Akasema, "Tatizo lipo, ila hujaliandika. Umeandika unavyowaona wao."

Ni kweli kabisa. Ukisoma ile barua yangu unajua mimi namuonaje mwenyekiti, hujui gari halijaja mara ngapi.

Kazi iliyofuata ilinichukua kama siku kumi na ndio iliyokuwa ngumu kuliko kuandika. Kwanza tarehe. Bahati mie kwenye genge naandika mauzo kila siku, na siku ambazo gari la taka limekuja nakumbuka maana lazima nisogeze meza lipite, kuna siku nilikuwa naandika pembeni "gari." Nikakaa na kalenda nikahesabu, toka tarehe moja mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tano kulikuwa na Jumanne 13, gari limekuja mara 3. Nikauliza na mama wawili wanaokaa karibu na nguzo, tukalinganisha, mmoja akanirekebisha siku moja niliyokuwa nimeisahau ambayo gari lilikuja usiku. Nikaiongeza, zikawa 4, japo ilikuwa inapunguza uzito wa kesi yangu. Mwalimu alisisitiza hilo, kwamba wakikukuta na tarehe moja ya uongo zile nyingine nane za kweli zote zinakufa.

Halafu hela. Nikapita nyumba kwa nyumba kwenye chochoro letu kuomba kuona risiti. Wengine walishatupa, wengine hawakulipa (na hao wapo, tuseme ukweli). Kaya 14 zilikuwa na risiti za miezi yote mitatu. Nikapiga picha risiti zote. 15,000 kila kaya, jumla 210,000. Mimi kichwani nilikuwa nasema "mamilioni yetu," na pengine mtaa mzima ni mamilioni kweli, ila siwezi kuonesha. 210,000 naweza kuonesha karatasi kwa karatasi, na siku ya mkutano ndio namba iliyofanya watu wanyamaze.

Tatu nikaenda kwa afisa afya wa kata kuuliza nani hasa anawajibika. Hapa ndio nilipogundua kosa jingine la barua ya kwanza. Nilikuwa namtukana mwenyekiti wa mtaa kama yeye ndie mwenye gari, kumbe kwetu mkataba ni kati ya manispaa na kontrakta, mwenyekiti hana uwezo wa kumfukuza wala kumkata hela. Afisa afya akanieleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziweka taka ngumu kwenye majukumu ya serikali za mitaa, yani halmashauri ikiajiri kontrakta haimaanishi imeshamaliza kazi yake. Kwahiyo nikauliza, sasa ngazi ya mtaa wanaweza nini? Wanaweza kuandika barua kwa mkurugenzi wa manispaa, wanaweza kumuita kontrakta aje mkutanoni, wanaweza kutoa taarifa kwa diwani. Ukiomba kitu ambacho mtu hana uwezo nacho umempa njia ya kutokea, atasema tu "hilo liko juu ya uwezo wangu" na atakuwa hajadanganya.

Nikawa na vitu vyangu, nikaandika upya. Hapa sasa kuna mtego ambao sikuutegemea. Kijana wa jirani anasoma chuo, akajitolea kunisaidia kuweka lugha nzuri, nikampa. Akarudisha kitu hiki: "Tunapenda kuishukuru ofisi yako kwa juhudi nzuri. Hata hivyo kumekuwepo na changamoto ya ucheleweshaji wa uzoaji taka katika baadhi ya maeneo. Tunaziomba mamlaka husika ziliangalie suala hili kwa jicho la pekee." Nikasoma mara mbili nikahisi nimenyang'anywa kitu. Hakuna tusi hata moja, limekaa kiofisi, lakini hata mtoto wangu haimo, mtaa wetu haumo, nani afanye nini haimo. Mamlaka husika ni nani? Changamoto maana yake nini, gari halikuja! "Baadhi ya maeneo" ni nyumbani kwangu.

Mwalimu alipoisoma akasema hii nayo haitaandikwa kwenye muhtasari, au ikiandikwa itakuwa sentensi ile ile ya kuhimizwa usafi. Kwahiyo mimi najua njia mbili za kupoteza nguvu, ya kutukana na ya kujificha nyuma ya maneno ya ofisini, na hiyo ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu ukiisoma unajiona umekua.

Tukakaa jioni mbili tunageuza sentensi moja moja. "Hamjali kabisa" tukauliza, nini kilichotokea kikakufanya uone hawajali? Gari halikuja Jumanne tisa. Basi andika hivyo, gari halikuja. "Mnakula hela zetu" ikawa kaya 14 zina risiti. "Jalala limejaa kila mahali" ikawa hatua tisa, nilitoka nikazihesabu kwa miguu toka mlangoni mpaka kwenye kiroba cha kwanza. Pale nilipoandika kwamba siku zao zinahesabika tukafuta, hakukuwa na kitu chini yake.

Iliyotushinda kwa muda mrefu ni ya mtoto. Mimi sikutaka kabisa kuitoa, ndio maumivu yangu yalipo. Mwalimu akaniuliza taratibu, daktari alikwambia ni taka? Hapana, aliniambia kuhara tu, akanipa dawa na maji ya chumvi na sukari. Kipindi kile cha mvua watoto wengi walikuwa wanaumwa. Nikisema taka zimemuumiza mwanangu watanikamata hapo hapo kama walivyonikamata kwenye "ushahidi uko wapi," na mtoto wangu atakuwa kitu cha kubishaniwa. Nikisema sitamtaja kabisa najisaliti. Tulikaa kimya pale barazani mpaka mke wa mwalimu akaleta chai. Mwisho nikamwambia sikia, mimi nachojua ni usiku ule. Nimembeba, kuna giza, nakanyaga yale maji kwa sababu hakuna pa kupita pengine. Mwalimu akasema, "Andika hicho hicho, usiongeze hata neno moja."

Kingine alichonifundisha, kabla ya kwenda jiulize watakujibu nini, halafu jibu kabisa ndani ya maelezo yako. Nilijua watasema masika, barabara mbovu. Na kweli ilikuwa mbovu. Ila boza la maji lilikuwa linapita njia ile ile kila wiki kujaza matenki ya wanaouza maji. Nikaiweka.

Hii ndio niliyosoma, neno kwa neno:

"Ndugu mwenyekiti, ndugu mtendaji, wajumbe na majirani zangu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu miaka 11, nauza genge. Nimeandika ili nisipoteze muda wenu, naomba nisome.

Gari la taka linatakiwa kupita kila Jumanne. Kuanzia mwanzo wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tano zilikuwa Jumanne 13. Gari lilikuja mara 4. Halikuja mara 9. Tarehe zote ziko kwenye nakala aliyonayo mtendaji. Najua ilikuwa masika na barabara iliharibika, lakini boza la maji lilipita barabara hiyo hiyo kila wiki.

Ada haikukosa mwezi hata mmoja. Kaya 14 za chochoro letu zina risiti za miezi yote mitatu, shilingi 15,000 kila kaya, jumla 210,000. Tumelipia wiki 13 tumepata wiki 4.

Taka zisizobebwa ziko hatua 9 toka mlangoni kwangu na mvua ikinyesha maji yake yanaingia uani. Mwezi wa nne mwanangu alilazwa siku mbili anaharisha. Daktari hakusema ni taka na mimi sisemi ni taka. Nasema saa saba usiku nilitoka nimembeba mgonjwa na nilipita juu ya maji hayo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Naomba mambo mawili. Moja, mtendaji amwandikie mkurugenzi wa manispaa ndani ya siku 14, barua iwe na tarehe hizi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Pili, kontrakta aitwe kwenye mkutano ujao ajibu kuhusu wiki 9 tulizolipia. Naomba maelezo haya yaingie kwenye muhtasari kama nilivyoyasoma."

Nilifanya mazoezi nyumbani kwa sauti, mara ya kwanza nikasoma kwa kasi mpaka pumzi ikakata pale kwa mtoto. Mwalimu akaniambia pale nipumzike, nihesabu kimya moja mbili ndio niendelee. Kwa mwendo huo ilikuwa chini ya dakika tatu, na dakika tatu ndio unazopewa kabla watu hawajaanza kusema "fupisha mama."

Na hili la nakala msilipuuze. Siku nne kabla ya mkutano nilienda ofisi ya serikali ya mtaa na nakala mbili, nikaomba moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, nibaki nayo. Mtendaji alisita, akasema si uje tu uongee. Nikamwambia kwa upole nitaongea pia, hii ni ya kukusaidia kuandika. Nilikuwa nimeenda na mama mmoja wa wale wa karibu na nguzo, nadhani kuwa wawili kulisaidia. Akagonga. Gharama zote, fotokopi, kuchapa pale stesheneri, bodaboda ya kwenda kata mara mbili, kama 14,000 hivi, ukiacha siku tatu ambazo genge halikufunguliwa mpaka mchana, na hizo ndio ziliuma zaidi.

Siku yenyewe mikono ilitetemeka, karatasi inasikika kwenye maiki. Sikumuangalia mwenyekiti, mwalimu alinishauri nimuangalie mtendaji kwa sababu yeye ndie anaeandika. Nilipofika 210,000 nikasikia mtu nyuma anasema "eeh." Nilipofika kwa mtoto nikahesabu moja mbili. Nilipomaliza hakuna aliepiga makofi, palikuwa kimya, nikadhani nimeharibu tena. Mwenyekiti akashika maiki, na nilishajiandaa kwa lolote, akasema "Mtendaji, hizo tarehe unazo?" Mtendaji akainua ile nakala. "Basi siku 14 zianze leo." Ndani ya moyo wangu bado nilikuwa namkasirikia yule baba, hasira haikuisha hata kidogo, ila hakuwa na pa kunishika.

Barua ilibandikwa siku ya 16, sio 14. Gari likarudi wiki ya tatu baada ya mkutano. Toka hapo mpaka leo naandika kwenye daftari la genge, Jumanne 8, limekuja 6. Kwenye mkutano uliofuata muhtasari ulisomwa na tarehe zangu tisa zote zilikuwemo, na kwenye yatokanayo msimamizi wa kontrakta alikuwepo, akasema gari lao moja liliharibika na wameazima jingine. Kuhusu hela za wiki 9 alijibu kwamba hilo atalipeleka kwa bosi wake. Nikanyoosha mkono nikaomba jibu hilo nalo liandikwe na jina la cheo chake na siku atakayoleta jibu, akasema mkutano ujao. Mtendaji akaandika. Ni yatokanayo namba 3, na risiti zote 14 nimeziweka kwenye bahasha.